Utaratibu wa kuzimua asidi ya salfuriki, maabara ya kemia, skuli ya sekondari, Wete

Karatasi hii inachukua nafasi ya maelezo ya kurasa nne yaliyobandikwa nyuma ya mlango. Maelezo yale hayakuwa na uongo, ila yalimwachia msomaji kazi ya kukisia. Chukueni sentensi hii: "Asidi ichanganywe na maji kidogo kidogo, huku tahadhari zote zikichukuliwa." Kipi kiingie ndani ya kipi? Kidogo ni kiasi gani? Tahadhari zipi? Asidi iliyokolea ni nzito kuliko maji, karibu gramu 1.84 kwa kila ml. Ukitia maji juu yake, yanaelea, yanachemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Mwanafunzi aliyesoma sentensi ile kinyume hakukosea kusoma.

Someni hivi. Kila hatua inaanza na kitendo kimoja, na kitendo hicho kina maana moja tu katika karatasi nzima. Mimina ni kwa asidi peke yake. Tia ni kwa maji, unga au mchanga. Mwagia ni kwa maji yanayomwagwa mfululizo juu ya mwili wa mtu. Subiri ni kutogusa chochote mpaka ifike namba iliyotajwa. Maneno kama "ikibidi", "kwa muda wa kutosha" na "inashauriwa" yameondolewa yote.

Kazi hii ni ya watu wawili. Mtendaji ni mwalimu au fundi sanifu maabara. Msaidizi anaweza kuwa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita. Hatua isiyotaja mtu ni ya mtendaji.

A. Kabla ya kugusa chupa

1. Jaza maji ndoo tatu za lita 20 na uziweke chini ya dirisha, kila moja na kopo lake. Zijaze hata kama bomba linatoka. Lita 60 zinatosha kummwagia mtu lita 3 kwa dakika kwa dakika 20, na bomba la hapa halitoi ahadi hiyo.
2. Fungua madirisha yote ya pande mbili.
3. Vaa miwani ya usalama inayoziba pembeni. Miwani ya kusomea haihesabiki.
4. Vaa koti la maabara na ufunge vifungo vyote.
5. Ingiza ncha zote za mtandio au hijabu ndani ya koti. Kitambaa kinachoning'inia ndicho kinachoburura bika.
6. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Kandambili haziingii.
7. Vaa glavu. Zitazame kwanza kwenye mwanga. Yenye tundu itupe.
8. Msaidizi: fanya hatua ya 3 hadi ya 7, kisha simama karibu na ndoo.

B. Kuzimua: 500 ml za asidi ya 1 mol/l

9. Weka beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 juu ya meza.
10. Pima maji yaliyokenekwa, 400 ml.
11. Tia maji hayo ndani ya bika la 1000 ml la kioo kinachohimili joto.
12. Weka bika ndani ya beseni na uweke kipimajoto ndani ya bika.
13. Soma lebo ya chupa kwa sauti: jina, fomula H₂SO₄, na ukolezi 98%.
14. Msaidizi: rudia ulichosikia. Kama hakilingani na karatasi hii, sema "Simama", na kazi isimame.
15. Pima asidi 27 ml kwa silinda kavu ya 50 ml.
16. Funga chupa ya asidi kabla ya kuendelea.
17. Mimina asidi ndani ya maji, isizidi 5 ml kwa mara moja, ikipita ubavuni mwa bika. Usitie maji ndani ya asidi.
18. Koroga kwa fimbo ya kioo, mizunguko 10. Usikoroge kwa kipimajoto.
19. Soma kipimajoto. Kikizidi nyuzi 45, subiri mpaka kishuke hadi 35.
20. Rudia hatua ya 17, 18 na 19 mpaka silinda iwe tupu.
21. Subiri mpaka kipimajoto kisome nyuzi 30 au chini.
22. Hamisha myeyusho wote kwenye chupa ya ujazo ya 500 ml, kisha tia maji mpaka kwenye alama.
23. Andika lebo kabla ya kuondoka mezani: H₂SO₄, 1 mol/l, tarehe, jina la mtendaji. Chupa isiyo na lebo haikai kwenye kabati hili hata usiku mmoja.

C. Asidi ikimwagika mezani au sakafuni

24. Sema "Imemwagika" kwa sauti.
25. Msaidizi: watoe wanafunzi wote nje.
26. Tia mchanga mkavu wa ndoo nyekundu kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Usitie maji.
27. Tia unga wa sodiamu baikaboneti (mtungi wenye lebo NaHCO₃) mpaka mapovu yakome.
28. Zoa kwa koleo la plastiki.

Mchanga wa ndoo nyekundu ni wa machimbo, umeoshwa na kukaushwa. Nimeona watu wakitaka kuujaza tena kutoka pwani kwa kuwa ni karibu. Msifanye hivyo. Mchanga wetu mweupe ni chembe za matumbawe na makombe, unatoa mapovu ukikutana na asidi. Na chumvi iliyobaki ndani yake ikikutana na asidi iliyokolea hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayowasha macho na kukaba koo. Mtu aliyekuja kusafisha atajeruhiwa na mchanga wenyewe.

D. Asidi ikimpata mtu

29. Mwagia maji mahali palipopatwa, mara moja, kwa dakika 20. Msaidizi: shika saa.
30. Vua nguo yenye asidi huku maji yakiendelea kumwagwa. Msaidizi: watoe watu wengine wote na uzibe mlango kwa kanga iliyotundikwa hapo, ili mtu asione haya akachelewa.
31. Usitie sodiamu baikaboneti juu ya ngozi wala jichoni. Ni ya sakafu tu.
32. Ikiwa ni jichoni: fungua kope kwa vidole na umwagie maji kutoka upande wa pua kwenda nje, dakika 20. Endelea hata mtu akisema maumivu yamepungua.
33. Ikiwa ni mdomoni: sukutua na uteme. Usimtapishe. Aliyefunga asukutue vilevile. Hatua hii haingoji magharibi.
34. Mpeleke Hospitali ya Wete baada ya hatua ya 29, 32 au 33, pamoja na karatasi iliyoandikwa "asidi ya salfuriki", ukolezi wake na saa iliyompata. Kwa jicho na mdomo, mpeleke kila mara, hata akionekana mzima.

E. Kumaliza

35. Suuza vyombo mara tatu kwa maji ya bomba.
36. Vua glavu kwa kuzipindua ndani nje, kisha nawa mikono kwa sabuni.
37. Vua miwani mwisho kabisa.
38. Jaza ndoo zilizotumika.

Nakala moja inakaa juu ya meza ya kuzimulia ndani ya mfuko wa plastiki, nyingine mlangoni. Karatasi za zamani zitolewe leo. Atakayeona hatua inayoweza kusomwa kwa namna mbili, aandike namba yake kwenye daftari la maabara. Hatua hiyo itaandikwa upya kabla ya kipindi kinachofuata cha vitendo.