Mawazo ya video za kujibu komenti za Mwaloni

Mdogo wangu,

Nimepitia komenti zote za ile video ya mama akipima dagaa kwa sado. Nyingi ni salamu, lakini nimechambua chache zenye swali la kweli. Zisome kabla hatujakutana Mwaloni Kirumba Jumamosi alfajiri.

Kila moja tutaijibu kwa kubonyeza komenti yenyewe, stika yake ikae juu ya video, aliyeuliza ajue ni yeye anajibiwa. Tusirudie swali kwa mdomo, limeshaandikwa. Jibu lianze kuonekana kwa macho kabla mtu hajasema neno.

"Mbona dagaa wenu wana mchanga? Mnatuuzia ziwa na ufukwe wake?"

Hii ndiyo ya kwanza, na naitaka iwe nzuri kuliko zote. Mabakuli mawili ya kioo mezani kwa mama, yamejaa maji. Mkono wake unatumbukiza konzi ya dagaa waliokaushwa mchangani, halafu konzi ya waliokaushwa kwenye chanja. Anakoroga, anaacha. Usikate hapo. Shusha simu hadi usawa wa bakuli tuone mchanga ukituama upande mmoja. Ndipo mama aseme:

"Huyu alilala chini. Huyu alilala kitandani."

Sauti ya mteja, ambayo ni mimi: "Na bei je, mama?"

"Wa kitandani kapanda kidogo, mwanangu. Chanja ni miti na nyavu, havikuja bure."

Amalizie kwa kuonyesha namna ya kumwokoa yule wa mchangani: toa vichwa, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, mtoe kwa mkono badala ya kumwaga bakuli zima, maana ukimwaga mchanga unamrudia. Sitaki tuwacheke majirani wanaoanika chini. Wengi hawana mtaji wa chanja, na mama mwenyewe alianzia huko.

"Kwa nini dagaa hupotea sokoni mbalamwezi ikiwaka? Wanaogopa mwezi?"

Hii tuifanye nyumbani, usiku, wadudu wakiwa wengi. Zima taa ya barazani, washa tochi moja juu ya beseni la maji: wadudu wote watakuja pale. Halafu washa taa kubwa ya baraza. Watatawanyikia huko, beseni libaki na wachache. Wewe umevaa koti la mvua, umeshika chandarua kama mvuvi, unalitazama beseni kwa huzuni. Sauti yangu inaeleza: wavuvi huwavuta dagaa kwa taa, zamani karabai, siku hizi hata za sola. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga, taa ya mtumbwi haina mvuto tena. Giza likirudi, mitumbwi inarudi. Sekunde arobaini zinatosha.

"Lile jiwe la kwenye picha zenu haliwezi kudondoka?"

Anaulizia Jiwe la Bismarck. Watu wa Dar wanaliulizia sana. Tusilipande wala kujifanya tunalisukuma, watoto wataiga. Jaza karai udongo, fukia mawe matatu yaliyopandana, mwagilia taratibu kwa kopo. Udongo unaondoka, mawe yanabaki yamekaa vilevile. Kisha kata moja kwa moja hadi jiwe lenyewe, tukilipiga picha kutoka upande wa kivuko cha Kamanga. Maneno ni haya tu: "Hakuna aliyelipandisha. Mvua na miaka viliondoa kilicholizunguka."

"Sangara si wenu, aliletwa."

Ni kweli, na tumjibu kwa heshima kwa sababu amesema kweli. Babu akae kwenye benchi na furu mdogo mkononi, akianza na "Tulimla huyu." Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wamepungua vibaya, aina nyingi hazikuonekana tena. Babu aeleze ladha ya mchuzi wa furu kwa maneno yake. Kisha mama apitishe sangara mzima mbele ya kamera, ashindwe kuingia kwenye picha. Kicheko kitoke hapo, kisitoke kwa babu. Akitaka kunyamaza mwishoni, mwache anyamaze.

Za bei tusizijibu kwa video. Bei inabadilika kesho, video inabaki mwaka mzima, tuwaandikie.

Imebaki ile ya "mnanuka samaki". Nimeisoma mara tatu na nimeumia, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mama. Haina swali, kwa hiyo hatuipi stika.

Njoo na mabakuli ya kioo ya kabatini. Mama ameshakubali, ila ayaone yamerudi yote mawili.