Ukishuku, piga 44: hotuba ya mkuu wa usalama kwa waajiriwa wapya, Mbeya

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Wa Rungwe na Kyela, mwagonile. Wa Iringa na Njombe, kamwene. Karibuni kazini. Baridi ya leo msiilaumu ofisi, ndivyo Juni ilivyo huku.

Watu wakisikia "mkuu wa usalama" huwaza geti, walinzi na kamera za ghala la Uyole. Hivyo vipo. Lakini mwizi anayeninyima usingizi haruki ukuta. Anaingia kwenye barua pepe yako, saa za kazi, na kukusalimia kwa jina.

Ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" wote mnaijua. Mnaicheka, mnaituma 15040, mnaendelea na shughuli. Barua pepe ya kitapeli ni ndugu yake, ila hii imekwenda shule. Inajua tunanunua parachichi Rungwe na kahawa Mbozi, inajua nani anaidhinisha malipo. Nyingine hutoka kwenye akaunti halisi ya mteja aliyeibiwa paswedi, tena imekuja chini ya mazungumzo ya kweli ya wiki iliyopita. Hiyo hata mtu makini anaifungua. Kwa hiyo sikuja kuwaambia "msibofye" halafu nikakaa. Nimekuja kuomba dakika zenu.

Tazameni ukutani. Huu ni mfano tulioutengeneza wenyewe, umeingia Ijumaa saa 9:50 alasiri:

"Ndugu Mhasibu, akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi. Tafadhali lipeni kwa akaunti iliyo kwenye kiambatisho, leo kabla benki haijafunga, ili gari lipakie maboksi kesho alfajiri. Niko kikaoni, msinipigie."

Kiswahili ni safi. Siku za kumtambua tapeli kwa lugha mbovu zimepita. Angalieni anwani. Neno linaloonekana "mizigo" limeandikwa `rnizigo`: herufi r na n zimebanana mpaka zikafanana na m. Kwenye simu hulioni kabisa, na mara nyingi simu inaonyesha jina la mtumaji tu. Ukibonyeza kujibu, jibu linakwenda anwani ya tatu, tofauti na ile iliyotuma. Kiambatisho nacho kinaishia na `.html`. Hakuna msambazaji anayetuma ankara hivyo. Ukikifungua kinakuletea ukurasa unaofanana na wa kuingilia kwenye barua pepe, unaomba paswedi. Halafu ile haraka, Ijumaa jioni, na "msinipigie". Kwangu mimi hilo neno la mwisho peke yake linatosha kunyanyua simu.

Sasa kwa nini haraka? Barua kama hii haiji kwa mtu mmoja. Ikiingia kwa mhasibu, imeingia pia kwa karani wa Tukuyu, kwa mtu wa manunuzi na kwa mapokezi. Wa kwanza kuishuku akituambia saa 9:52, tunasoma vichwa vya ujumbe kujua seva iliyoutuma, tunatafuta wote walioupokea, tunauondoa kwenye maboksi yao na kuufungia ule ukurasa wa uongo. Wa nne anafungua boksi lake saa 10:15, hakuna kitu. Lakini yule wa kwanza akiufuta kimya kimya akijisifu kwamba hakuingia mtegoni, amejiokoa yeye, amemwacha jirani yake wa meza ya pili.

Na kama mtu ameshaandika paswedi? Mwizi huingia ndani ya dakika chache. Jambo lake la kwanza, mara nyingi, ni kuweka kanuni ndani ya boksi lako: kila barua yenye neno "malipo" au "benki" ihamie kwenye folda usiyoigusa, kwa mfano `RSS Feeds`. Kuanzia hapo anaongea na wateja kwa jina lako na majibu huyaoni. Kubadilisha paswedi peke yake hakumtoi, maana kifaa chake kinaweza kuwa bado kimeingia, na ile kanuni bado ipo. Sisi ndio tunaokata vifaa vyote, kufuta kanuni na kukagua alichosoma. Tukipata taarifa mapema, tunakagua nusu saa ya nyendo zake. Tukipata Jumatatu, tunakagua siku tatu, na huenda ndani yake yamo majina, namba za NIDA na simu za wakulima. Hizo zikivuja tuna wajibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Si jambo la kumalizana ofisini.

Pesa ndiyo inayokimbia kuliko vyote. Malipo makubwa kati ya benki hapa nchini hupita TISS, na yakishapita yamepita. Benki yetu inaweza kuiomba benki ya pili izuie fedha, ila ombi lina maana wakati fedha bado zimo. Zikishagawanywa kwenye akaunti nyingine na kutolewa kwa mawakala, hata polisi watabaki na karatasi tu.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Ukishuku, usijibu, usifute, na usiwatumie wenzako kwenye kundi la WhatsApp ukiuliza "jamani hii mmeiona?", maana mmoja wao ataibofya. Kwenye kompyuta bonyeza `Report`, kisha `Report phishing`. Ikitoweka kwenye boksi usishtuke, imefika kwetu. Kama ni ya fedha au paswedi, bonyeza kisha piga namba ya ndani 44. Walio vituo vya kukusanyia mazao, ambako umeme na mtandao hukatika pamoja, tumieni simu ya zamu iliyo nyuma ya kitambulisho chenu.

Kama umeshabofya au umefungua kiambatisho, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, lakini kompyuta iache ikiwaka. Ukiizima, baadhi ya ushahidi uliomo kwenye kumbukumbu hupotea. Kisha piga 44 useme mambo matatu: ulibofya saa ngapi, uliandika paswedi ya akaunti ipi, na kama paswedi hiyo unaitumia kwingine. Kama simu ilikuomba uthibitishe kuingia nawe ukakubali, sema pia. Anayebadilisha akaunti ya malipo anahakikiwa kwa kupigiwa namba iliyo kwenye mkataba, si iliyo kwenye barua yake. Hata barua ikisema imetoka kwa Mkurugenzi. Yeye mwenyewe amesaini utaratibu huu, hatakasirika ukimpigia.

Najua kinachowachelewesha watu: aibu, na hofu ya kipindi cha majaribio. Mtu amebofya, anakaa saa mbili akiomba Mungu. Naomba mnisikie vizuri. Kubofya hakumfukuzishi mtu hapa, na anayejitokeza haandikiwi barua ya onyo. Kuficha ndiko kosa. Na ukiripoti kumi, tisa zikawa ni matangazo ya semina, utaambiwa asante mara kumi. Kijana wa zamu akikununia, njoo kwangu.

Sasa fungueni kompyuta mlizopewa. Kuna barua ya majaribio imewaingia mkiwa mnanisikiliza, yenye kichwa "Posho ya makazi kwa waajiriwa wapya". Iripotini kama nilivyoeleza. Saa ya kila mmoja inaonekana hapa kwangu, na naona wawili wameshakifungua kiambatisho. Msiogope, nyinyi wawili. Pigeni 44.