Yah: Kukubali ofa yenu ya suluhu katika dai la vitanda na makabati ya hosteli

13 Oktoba 2025

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Nakala: Wakili wa kampuni; Wakili wangu

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeipokea barua yenu ya tarehe 1 Oktoba 2025, iliyoandikwa "bila kuathiri haki", inayotoa ofa ya kumaliza dai langu kwa shilingi 5,850,000. Ofa hiyo iko wazi hadi tarehe 15 Oktoba 2025, saa 10 jioni, kwa hiyo jibu langu limefika ndani ya muda.

Ninaikubali. Ninaikubali kama ilivyoandikwa, pamoja na rekebisho moja mlilolikubali kwa maandishi katika barua pepe yenu ya tarehe 9 Oktoba, kwamba madai yataachiliwa siku fedha zitakapoingia, si siku ya kutia sahihi. Barua hii haiongezi sharti jipya wala kupunguza lililopo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu mtu akijibu "nakubali, lakini", anakuwa ametoa ofa yake mwenyewe, na ile ya kwanza inakufa. Sitaki tufike huko. Maelezo yanayofuata ni yale yaliyo kwenye barua zenu, nimeyakusanya mahali pamoja ili asiwepo wa kuyasoma tofauti baadaye.

Dai lenyewe ni lile la mkataba wetu wa tarehe 3 Februari 2025 wa vitanda 60 vya dabodeka na makabati 30, kwa shilingi 18,000,000. Mmelipa 10,500,000. Nilidai 7,500,000 zilizobaki. Ninyi mlisema vitanda 14 vililegea viungo na makabati 4 hayakuletwa. Kila upande una maelezo yake, na suluhu hii haimaanishi kwamba yeyote kati yetu amekiri kosa. Makabati 4 yaliyo karakanani kwangu yanabaki mali yangu, kama aya ya 4 ya ofa inavyosema. Gharama za mawakili kila mmoja atabeba zake.

Malipo

Mtalipa shilingi 5,850,000 kwa mkupuo mmoja. Ofa inasema "ndani ya siku 21 tangu kukubaliwa". Nikihesabu kuanzia kesho ya barua hii, siku ya 21 ni Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025. Basi tuitaje tarehe hiyo: fedha ziwe zimeingia kwenye akaunti yangu kabla ya saa 10 jioni siku hiyo. Kuagiza benki siku hiyo huku fedha zikifika keshokutwa hakutoshi. Kwa mujibu wa aya ya 2, makato ya kutuma ni juu yenu, nami nipokee kiasi kamili.

Naomba mnivumilie nikisisitiza tarehe. Mafundi wanne waliotengeneza vitanda vile wamesubiri sehemu ya ujira wao tangu mwezi Mei, na nimewaahidi siku, sikuwaambia "karibuni".

Akaunti ni ile ile iliyo ukurasa wa 3 wa mkataba. Sikuiandika hapa kwa makusudi. Kabla ya kutuma, mhasibu wenu anipigie kwa namba ya simu iliyo kwenye mkataba huo huo, tusomeane tarakimu zote na jina la akaunti. Ukija ujumbe wowote unaodai kwamba akaunti yangu imebadilika, hata kama unaonekana umetoka kwangu, msilipe mpaka mmesikia sauti yangu. Siku hizi fedha nyingi zinapotea kwa njia hiyo, na zikishatumwa kwa mtu mwingine, mimi na ninyi tutarudi kugombana juu ya hasara ambayo hakuna kati yetu aliyeitaka.

Kuachilia madai

Kifungu hiki ni kile cha barua pepe yenu ya tarehe 9 Oktoba, neno kwa neno:

"Mara tu shilingi 5,850,000 zitakapokuwa zimeingia zote kwenye akaunti ya Mdai, na si kabla ya hapo, Mdai anaiachilia Kampuni, wakurugenzi wake na wafanyakazi wake kutoka madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, yanayotokana na mkataba wa tarehe 3 Februari 2025, yakiwemo bei, riba, fidia na gharama. Wakati huo huo Kampuni inamwachilia Mdai kutoka madai yote yanayotokana na mkataba huo, yakiwemo ya ubora wa kazi na ucheleweshaji. Kuachilia huku hakugusi haki ya upande wowote ya kutekeleza suluhu hii, wala dai la mtu aliyeumia mwilini."

Ninaelewa uzito wa maneno "yasiyojulikana". Maana yake, fedha zikishaingia, hata nikigundua kesho ankara niliyoisahau, sitarudi kuidai. Wakili wangu amenisomea kifungu hiki na kunieleza, nami ninakikubali kwa hiari yangu, bila kushinikizwa na mtu.

Fedha zisipoingia zote kufikia tarehe 3 Novemba, kifungu hicho hakianzi kufanya kazi, na kwa mujibu wa aya ya 6 ya ofa nina haki ya kuendelea na dai langu lote la shilingi 7,500,000, nikipunguza chochote mtakachokuwa mmelipa.

Shauri lililo mahakamani limepangiwa kutajwa tarehe 12 Novemba 2025. Nitaliondoa ndani ya siku 5 za kazi tangu fedha kuingia, kwa namna ambayo halitafunguliwa tena, na nakala ya ombi la kuliondoa nitawaletea. Sitaliondoa kabla.

Uthibitisho

Barua hii inakuja kwa barua pepe leo, na nakala mbili zilizosainiwa zinaletwa kwa mkono. Naomba mtie sahihi chini ya maneno ya uthibitisho yaliyo mwishoni, mbaki na nakala moja na kunirudishia ya pili kufikia Ijumaa, tarehe 17 Oktoba 2025. Uthibitisho huo ni ushahidi kwamba mmepokea na kwamba tunaisoma tarehe ile ile. Suluhu yenyewe imekamilika kwa kukubali kwangu leo, na kuchelewa kwa sahihi yenu hakusogezi siku ya malipo. Mkiona kosa lolote katika hesabu au tarehe, niambieni kwa maandishi kabla ya Ijumaa hiyo.

Fedha zikiingia, nitawaandikia ndani ya siku 2 za kazi kwamba nimezipokea zote, na kuambatanisha stakabadhi. Barua hiyo muitunze pamoja na hii. Ndiyo itakayoonyesha kwamba kuachiliana kumeanza.

Nashukuru kwamba mlichagua kuongea. Mazungumzo yetu ya tarehe 8 yalikuwa magumu, lakini yalikuwa ya heshima, na mhasibu wenu aliniletea hesabu zote nilizoomba.

Wenu mwaminifu,

Mwenye karakana, Mdai
(sahihi imewekwa kwenye nakala zote mbili)

UTHIBITISHO WA KAMPUNI

Tumeipokea barua hii ya tarehe 13 Oktoba 2025. Tunathibitisha kwamba ofa yetu ya tarehe 1 Oktoba 2025, pamoja na rekebisho la tarehe 9 Oktoba 2025, imekubaliwa ndani ya muda. Kwamba kifungu cha kuachilia madai kimenukuliwa sawasawa. Na kwamba tutalipa shilingi 5,850,000 kwa mkupuo mmoja, ziingie kabla ya saa 10 jioni, Jumatatu, tarehe 3 Novemba 2025, baada ya kuhakiki akaunti kwa simu. Sahihi ya Mkurugenzi Mtendaji, tarehe na mhuri wa kampuni viwekwe chini ya mstari huu.