YAH: Ombi la ruhusa ya kupitisha kebo ya Etheneti na kufunga ruta ukutani, nyumba namba 6

Neema Mwasaga,
Nyumba namba 6, ghorofa ya pili,
Sinza, Dar es Salaam.

9 Februari 2026

Kwa Mama Rukia,
Mwenye nyumba,
Tanga.

Shikamoo Mama. Natumaini mu wazima huko Tanga, na kwamba mguu wako unaendelea vizuri. Sisi hapa hatujambo.

Nakuandikia kwa sababu kifungu cha 7 cha mkataba wetu kinasema mpangaji hatatoboa ukuta bila idhini yako ya maandishi. Ninaomba idhini hiyo. Nataka kupitisha waya wa intaneti kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma ninachokitumia kama ofisi, na kufunga ruta kwenye ukuta wa korido. Gharama zote ni zangu, na sitaomba chochote kikatwe kwenye kodi.

Mama, kazi yangu unaijua kwa juu juu, kwamba nafanya ukalimani nikiwa nyumbani. Naomba nikueleze zaidi kidogo, maana ombi zima limetoka hapo. Wagonjwa wanaozungumza Kiswahili walioko ughaibuni wanapokwenda hospitali, daktari hunipigia kwa video, nami nawaunganisha. Daktari anataja kiasi cha dawa, mgonjwa anaeleza maumivu yake. Sauti ikikatika katikati ya sentensi, mimi nabaki na nusu ya maneno, na mgonjwa hawezi kupewa nusu ya maelekezo. Ninaomba warudie, lakini mtu mwenye maumivu kurudishwa nyuma kila mara ni kumtesa. Walionipa kazi nao wamenitaka kompyuta iunganishwe kwa waya kuanzia mwezi wa nne. Wai-fai peke yake hawataikubali tena.

Faiba yenyewe haina tatizo. Kile kisanduku ulichoruhusu kifungwe karibu na mlango wa sebuleni kinafanya kazi vizuri, na ukikaa kwenye kochi kasi ni nzuri mno. Shida ni kuta zako, ambazo ni imara kweli: tofali za saruji na plasta nzito pande zote. Mawimbi ya gigahezi 5, ndiyo yenye kasi, hupungua sana yakipita kwenye ukuta wa namna hiyo, na hadi chumba cha nyuma ni kuta mbili na kabati la nguo. Nilifikiria vile vifaa vya kupokea wai-fai na kuirusha tena mbele, lakini navyo hupokea na kutuma kwa mawimbi hayohayo, hivyo kasi inagawanyika na kukatika hakuishi. Kutandaza waya sakafuni sitaki kabisa, kwa sababu mtoto anakimbia humo na dada anapiga deki kila asubuhi.

Nimepita na fundi umeme chumba hadi chumba, na njia tuliyoiona ni hii. Kutoka kwenye kisanduku cha faiba, waya utalala juu ya tailizi za pembeni, zile zinazozunguka chini ya ukuta, hadi korido. Utafunikwa na tranking nyeupe ya plastiki, nyembamba, upana wa sentimita mbili hivi. Pale kwenye tailizi itashikwa kwa gundi, bila skrubu, kwa kuwa tailizi ni laini na gundi huondoka kwa wembe bila kuacha alama. Kwenye rangi sitaki gundi. Ikibanduliwa inaondoka na rangi, wakati mwingine na pati yake, na najua jinsi mpangaji aliyetangulia alivyokuachia ukuta wa sebule. Kwa hiyo penye rangi tutatumia skrubu ndogo.

Katika korido waya utapanda hadi kwenye ruta, kimo cha mita mbili, kando ya mlango wa chumba cha nyuma. Hapo ni katikati ya nyumba, kwa hiyo hata simu na televisheni zitapata wai-fai nzuri zaidi. Umeme wa ruta utatoka kwenye soketi iliyopo, hatuongezi waya wa umeme. Kuingia chumbani hatuhitaji tobo jipya. Juu ya kona ya mlango ule kuna tobo la zamani la waya wa antena, limezibwa kwa karatasi na kupakwa rangi juu yake. Kebo ni nene kama milimita 6, inapita bila kupanua kitu. Kile kichwa cha plastiki cha mwisho ndicho kisingepita, ila fundi atakibana baada ya waya kuingia. Ndani ya chumba utashuka pembeni ya fremu ya mlango hadi kwenye kisoketi kidogo cha netiweki karibu na meza yangu.

Hesabu yote ni matundu 12 ya milimita 6: mawili ya ruta, manane ya tranking inayopanda na kushuka, mawili ya kisoketi. Hakuna litakalotobolewa juu au chini ya swichi wala soketi, kwa sababu ndiko nyaya za umeme hupita ndani ya ukuta, na fundi atapima kabla ya kugusa drili. Nje ya jengo hatupitishi chochote. Sura ya mbele itabaki kama ulivyoipaka, na kebo ya ndani haivumilii jua na mvua. Waya huu haubebi umeme wa nyumba, ni mawasiliano tu. Nitanunua Kategori 6 ya shaba tupu, kama mita 18. Zipo za bei rahisi, aluminiamu iliyopakwa shaba, lakini hukatika upesi, na sipendi kurudia kazi kwenye ukuta wa mtu.

Ukiridhia, kazi ifanyike Jumamosi tarehe 28 Februari, kuanzia saa nne asubuhi. Drili itakuwa imenyamaza kabla ya adhuhuri, maana tutakuwa ndani ya Ramadhani na majirani waliofunga hupenda kupumzika mchana. Nitawaarifu mapema. Ningefurahi mwangalizi wa jengo asimame nasi tangu mwanzo, na nitakutumia picha za kila ukuta, kabla na baada.

Siku nikihama, ruta nitaondoka nayo. Kebo na tranking uamuzi ni wako: ukitaka vibaki kwa ajili ya mpangaji atakayefuata, nitaviacha bila kudai malipo. Ukitaka viondolewe, nitaviondoa, nitaziba matundu kwa pati, kupiga msasa na kupaka rangi ukuta mzima uliotobolewa, si viraka. Kwa hilo naomba kopo la rangi lililobaki stoo lisitupwe, au nijulishwe namba ya rangi. Nisipotekeleza, kata gharama hiyo kwenye amana yangu. Nimeliandika hapa ili lihesabike kama sehemu ya mkataba.

Kama kuna ukuta usiotaka uguswe, niambie, tutatafuta njia nyingine. Kinachoweza kubadilika ni mahali pa ruta, inaweza hata kubaki sebuleni juu ya meza. Waya wa kufika chumba cha nyuma ndio siwezi kuukosa.

Nimeambatanisha mchoro wa njia na nakala mbili za barua hii. Ukikubali, tia saini nakala moja na umkabidhi Rukia anapokuja Dar mwisho wa wiki ijayo. Ukipenda tuzungumze kwanza, nipo hewani kila siku baada ya saa kumi na moja jioni.

Ahsante sana Mama.

Mpangaji wako,

Neema Mwasaga

Nakala: Mwangalizi wa jengo