Skripti ya kionjo cha chaneli "Kiasi Gani?" (sekunde 30)

Mtangazaji na mpishi: Mwanaidi
Mwingine anayeonekana: Shangazi
Mahali: uani kwa Shangazi, Temeke, Dar es Salaam
Siku ya kurekodi: Jumamosi, kuanzia saa 1 asubuhi
Matumizi: video ya kwanza anayoiona mtu aliyeingia kwenye chaneli na bado hajasabskraibu

Kabla ya kamera

Wadogo zangu wa kamera na uhariri, someni hapa kwanza, kwa sababu kionjo chote kimesimama juu ya neno moja.

Kila aliyefundishwa kupika kwenye nyumba zetu amelisikia neno "kiasi". Maji kiasi, chumvi kiasi, iache kiasi. Anayejua tayari anaelewa. Anayejifunza anabaki ameshika kijiko. Kuna dada zetu wamepanga chumba Mbagala au Kimara, mama yupo Lindi au Tanga, na kila wakipiga simu kuuliza wali wa nazi wa nyumbani unapikwaje, wanajibiwa neno hilohilo. Ahadi yetu kwao ni moja: tutasema kiasi ni kiasi gani. Hatuahidi mapishi mia, wala siri za mahotelini, wala chakula cha dakika tano.

Jambo ninalowaomba mlilinde kuliko yote ni heshima ya Shangazi. Video isimwoneshe kama bibi wa zamani asiyejua kupima. Mwezi uliopita nilimwomba atupe chumvi ya wali kwenye bakuli tupu, mara tano, kwa nyakati tofauti, nami nikapima kila mara. Zote tano ziliangukia palepale, kijiko cha chai kimoja na nusu, kama gramu 9. Mkono wake ni mizani. Shida ni kwamba mkono huo hauwezi kutumwa kwa simu mpaka Kimara, na kazi yangu ni kuutafsiri tu. Na kupima si ugeni kwetu: wazee walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja.

Skripti

Sekunde 0–5. Uani, jiko la mkaa

PICHA: Karibu sana. Sufuria ipo jikoni, tui jepesi linaanza kufuka moshi. Mkono wa Shangazi unaingia na chumvi kati ya vidole vitatu, unasimama juu ya sufuria. Uso wake hatujauona bado. Mkono wangu unaingia kutoka upande wa pili, umeshika kijiko cha chai kitupu.

SHANGAZI: Weka chumvi kiasi.

MWANAIDI: Kiasi gani, Shangazi?

SHANGAZI: Kiasi tu, mwanangu.

(Aseme kama anavyosema siku zote, kwa upole. Akiigiza, turudie. Chumvi inadondoka kwenye neno "mwanangu", si kabla.)

Sekunde 5–12. Mwanaidi anatazama kamera

PICHA: Nimesimama kati ya jiko na kinu, kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwenye "watu mia tatu" picha inakatwa mara moja kwenda kwenye sufuria kubwa la shughuli, mwiko mrefu, mvuke, mikono miwili ikigeuza pilau. Kisha turudi usoni.

MWANAIDI: Naitwa Mwanaidi. Napika shughuli hapa Temeke, sufuria za watu mia tatu. Kwenye sufuria hiyo, hakuna kukisia.

MAANDISHI CHINI: Mwanaidi, mpishi wa shughuli

Sekunde 12–14. Tui

PICHA: Kifumbu kinakamuliwa kwa mikono miwili. Tui la kwanza, zito, jeupe, linashuka kwenye kikombe mpaka kwenye mstari, linakoma.

SAUTI: Tui tu. Hakuna muziki, hakuna maneno.

Sekunde 14–24. Ahadi

PICHA: Jina la chaneli, *Kiasi Gani?*, linatokea juu ya kikombe kilekile kilichojaa. Halafu picha tatu, kila moja ina chakula na kipimo chake ndani ya fremu moja: fungu la kisamvu juu ya mizani, kinu nyuma yake, hamira kwenye kijiko cha chai ikisawazishwa kwa kisu juu ya bakuli la unga wa vitumbua, changu kwenye wavu wa mkaa, mkono ukimpaka tui zito, kikombe cha ukwaju pembeni. Picha ya mwisho inarudi kwangu, nimeshika kikombe na kijiko.

MWANAIDI: Karibu Kiasi Gani. Kila Ijumaa, chakula kimoja cha nyumbani, na kila kinachoingia sufuriani nakipima mbele yako, kwa kikombe na kijiko vilivyo jikoni kwako.

Sekunde 24–28. Chumvi

PICHA: Tumerudi kwenye sufuria ya mwanzo, sasa wali umeiva, umepaliliwa, kifuniko kina makaa juu. Mkono wangu unakiondoa. Mvuke. Kata kwenda kwenye kijiko cha chai cha chumvi, kimesawazishwa, na nusu yake pembeni.

MWANAIDI: Ile chumvi ya Shangazi nimeipima: kijiko cha chai kimoja na nusu.

MAANDISHI: Mchele vikombe 3. Tui vikombe 5. Chumvi kijiko cha chai 1½.

Sekunde 28–30. Shangazi anaonja

PICHA: Uso wa Shangazi kwa mara ya kwanza. Anaonja wali kwa vidole, anatafuna, anatazama pembeni kidogo kama afanyavyo akiwaza, kisha ananitazama mimi, si kamera.

SHANGAZI: Hapo sasa.

MAANDISHI YA MWISHO: Kiasi Gani? Kila Ijumaa, saa 10 jioni. Sabskraibu.

Ya kuzingatia siku hiyo

Maneno yote ni 61. Nimeyasoma kwa saa mara nyingi, yanachukua kama sekunde 26 kwa mwendo wangu wa kawaida, na zinazobaki ni za tui na za Shangazi kutafuna. Msinikimbize. Nilikuwa na mstari mwingine unaouliza ni wangapi wameunguza wali kwa neno "kiasi", nimeufuta. Ulikuwa mzuri lakini ulimlaumu Shangazi kwa mlango wa nyuma. Nimeondoa pia bei. Tutazitaja kwenye vipindi, bei ya sokoni ya asubuhi ile, lakini kionjo kitakaa mwaka mzima na bei ya nazi haikai hata mwezi.

Picha ya tui ndiyo moyo wa video, kwa hiyo tuipe muda wa kurekodi kuliko nyingine zote. Nazi tatu zikunwe kwa mbuzi asubuhi ileile, tukiharibu moja tuna nyingine. Maji ya kukamulia yawe ya vuguvugu, ndiyo tui linatoka zito na linang'aa kwenye kamera; ukitumia maji baridi linakuwa jembamba na kwenye picha utadhani ni maziwa yaliyochanganywa maji. Kikombe kiwe cha kioo, cha mililita 250, ili mstari uonekane. Maikrofoni ikae shubiri moja kutoka kwenye kikombe. Hapo ndipo mtu anayeangalia akiwa kwenye daladala, simu mkononi, atakaposimamisha kidole. Na yule aliyezima sauti asikose kitu: maneno yote yaandikwe chini ya picha, kama yalivyo hapa.

Tui jepesi la picha ya mwanzo, lililoko jikoni, lazima likorogwe mpaka dakika ya kamera kuwaka. Likichemka bila kukorogwa linakatika, mafuta yanajitenga, na mama yeyote atakayeona atafunga video hapohapo. Atakuwa na haki.

Mwanga wa uani ni mzuri kati ya saa 1 na saa 3, baada ya hapo jua linapita juu ya bati na nyuso zinakuwa na vivuli. Tuanze na mikono na sufuria, tumalizie na mimi. Picha ya hamira ndiyo pekee ya ndani, chini ya taa. Shata iwekwe 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na bila hivyo taa itachezacheza kwenye video. Fremu ni 25 kwa sekunde, yaani 750 kwa kionjo kizima, na hakuna hata moja ya ziada ya nembo inayozunguka. Kila kipimo kikae katikati ya picha, maana tutakata nakala ya kusimama kwa ajili ya simu, na pembeni zote zitapotea.

Bajaji zinapita nyuma ya ukuta kuanzia alfajiri. Sauti zao zibaki, hii ni Temeke, lakini sentensi yangu ya ahadi tuirekodi mara mbili, ya pili chumbani kwa Shangazi, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani.

Kanga yangu itavaliwa maandishi yakiwa yameangalia ndani. Najua tabia yetu: mtu akiona kanga anasoma jina lake kwanza, na sekunde mbili za ahadi zitakuwa zimempita.

Mmoja wenu apitie soko la Stereo kuchukua kisamvu, ndizi mbivu za chai ya asubuhi yetu, na mkaa mkavu. Samaki nitamfuata mwenyewe Feri kabla hakujapambazuka. Picha ya sufuria la shughuli tayari tunayo, tuliichukua kwenye harusi ya wiki iliyopita, na wenye shughuli wameniruhusu kwa sharti kwamba wageni wasionekane, ndiyo maana ni mikono tu.

Kuhusu picha ya mwisho. Wali utakaoonjwa ni ule ule uliopikwa kwa vipimo vya kwenye maandishi, si mwingine uliopikwa pembeni kwa ajili ya kupendeza. Shangazi hatapewa mstari wa kusema. Aambiwe tu aonje. Kamera iwake kabla hajaketi, izimwe akiwa ameshanawa mikono. Akisema "Hapo sasa", tumemaliza. Akisema chumvi haijafika, hatumbembelezi: tunapika upya sufuria nyingine, tunapima upya, na maandishi ya sekunde ya 24 yanabadilika kabla video haijatoka.