Maneno ya kufungua mkutano wa mipaka kati ya kitongoji cha Mlimani na kitongoji cha Mtoni

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, bwana mtendaji, wenyeviti wa vitongoji vyetu viwili, wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji, mabalozi, wazee wenzangu, akina mama, vijana: poleni na jua, na poleni na mwendo. Wanangu mlionisalimu pale getini, marahaba. Sala tumeshafanya, kwa hiyo naingia kwenye kazi.

Kwanza niombe jambo dogo. Watu wa Mlimani mmekaa upande huu wa mwembe, watu wa Mtoni mmekaa ule. Sijui nani aliwapanga hivyo. Sogeeni mchanganyike kidogo, maana wengi wenu ni mashemeji, na shemeji hawezi kukaa mbali na shemeji yake kama mtu aliyemshtaki. Ahsanteni. Na mbege ipo, nimeiona, ila itanywewa baada ya mkutano.

Leo hatukuja kugawa ardhi. Nalisema mapema ili aliyekuja na hasira za kunyang'anywa azishushe, na aliyekuja na matumaini ya kuongezewa naye ayashushe. Mstari ulikuwepo kabla yetu. Tumekuja kukubaliana namna ya kuutafuta, na nani atembee kuutafuta, ili siku ukionekana tuwe tumeuona wote kwa macho yetu, pale pale chini.

Sehemu zenye matatizo ni tatu, na nitazitaja kwa majina yake ili tusizunguke.

Ya kwanza ni ukingo wa malisho, kuanzia mgunga mkubwa hadi daraja la mbao. Ni kama mita 600. Hapa sidhani kuna mtu aliyeamka asubuhi akasema leo naiba malisho. Trekta linapolima, dereva akifika ukingoni anaongeza tuta moja ili kona itoke vizuri. Tuta moja ni kama sentimita 30. Msimu mmoja hakuna anayeona. Misimu kumi ni mita tatu, na mita tatu kwa urefu wa mita 600 ni karibu nusu ekari ya nyasi za watu wote. Ndiyo maana mwenye shamba anaapa hajasogea, na mchungaji anaapa malisho yamepungua, na wote wawili wanasema kweli.

Ya pili ni njia ya mifugo. Tulikubaliana zamani kwamba iwe na upana wa mita 12. Wiki iliyopita vijana wawili, mmoja wa kila kitongoji, walipita na futi ya kamba wakaipima: juu bado ni mita 11 na kitu, lakini pale kwenye kona ya mashamba ya mahindi imebaki mita nne. Sasa ng'ombe 30 wakipita kwenye mita nne wanabanana, wa pembeni wanasukumwa ndani ya mahindi. Kesi nyingi za mifugo kula mazao tulizosikiliza kwenye kijiji hiki zinatoka kona hiyo hiyo moja. Tunamtoza mchungaji faini, mwaka unaofuata tunarudi pale pale. Njia ikirudi kwenye upana wake, nadhani kesi hizo zitapungua kuliko faini yoyote itakavyozipunguza.

Ya tatu ndiyo ngumu: mto. Wazee wa pande zote mbili wanasema mpaka ni mto. Masika ya mwaka juzi mto ukaacha njia yake kwa usiku mmoja ukapita upande wa Mtoni, na kile kipande katikati ya mto wa zamani na mto mpya sasa kina wenyewe wawili. Je, mpaka ulihama pamoja na mto, au ulibaki kwenye mkondo mkavu wenye mawe? Mimi nina maoni yangu, lakini nikiyasema sasa nitakuwa nimewafungia wengine mdomo. Nitawasikiliza kwanza. Jambo moja tu liwe mbele yetu: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni wenyewe kipande kile. Sehemu kubwa yake imo ndani ya mita hizo 60. Tunaweza kugombana mwaka mzima, atakayeshinda akaambiwa asilime.

Sasa namna ya kutafuta mstari. Naleta pendekezo, mtalikubali au mtalibadilisha.

Kila kitongoji kitoe watu watano: wazee wawili wanaojua alama za zamani, mama wawili, na kijana mmoja wa kushika futi na kuandika. Siongezi akina mama kwa heshima tu. Wao ndio wanaokata majani na kuchota maji kila siku, wanajua jiwe lipi lilikuwa wapi kuliko sisi tunaopita na pikipiki. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Wajane waliopakana na mstari waitwe wenyewe, asiwasemee shemeji. Na wale walioko Arusha na Dar, ndugu zao wawapigie simu leo, wapate siku kumi na nne za kuja au za kutuma mtu kwa barua. Asije mtu Krismasi akasema alipimiwa akiwa hayupo.

Mtu ambaye shamba lake linagusa mstari asiwe kwenye wale watano. Atakuwepo siku ya kupita kwake, atasema, atasikilizwa, lakini asishike futi.

Siku niliyoiona inafaa ni Jumamosi ya wiki ya tatu kuanzia leo, saa moja asubuhi, kuanzia kwenye mgunga. Mahindi yameshavunwa, mtu anaona kutoka nguzo hadi nguzo, na mvua za vuli hazijaanza. Tukichelewa hadi majani yaote, tutakuwa tunapima kwa kubahatisha.

Vifaa: futi ya mita 50, vigingi 40 vya miti, chokaa debe moja, panga mbili, daftari mbili. Naomba isitumike kamba ya nailoni, inavutika. Ukiikaza unapata kipimo kimoja, ukiilegeza unapata kingine. Na tusihesabu hatua. Hatua ya kijana na hatua yangu mimi hazifanani, na mtu akipima kwenda upande wake hatua hurefuka zenyewe. Kwenye mteremko futi ishikwe sawa kama maji ya beseni, isilale na ardhi. Mteremko wa nyuzi 20, mita 50 zilizolala na ardhi ni mita 47 tu zikiwekwa sawa. Mita tatu hizo ndizo zinazoleta maneno. Na ninyi vijana wa simu: simu inasaidia kuweka kumbukumbu, lakini uwanjani inaweza kukosea mita tatu hadi tano, na chini ya migrevilea inakosea zaidi. Tuandike namba zake, ila jiwe na isale vitangulie.

Kuhusu masale nitachukua dakika moja zaidi, kwa sababu ndiyo hati tuliyoachiwa. Isale la mpaka la zamani lina kisiki kinene, limechipua mara nyingi, na mizizi yake imeshikana na udongo hadi jembe linarudi. Lililohamishwa juzi lina shina moja au mawili, na udongo wa pembeni ukiusukuma kwa kidole unaingia. Kwa hiyo tusibishane kwa maneno. Tupige magoti tulitazame. Kama limekufa kwa ukame, chimbueni polepole, kisiki huwa bado kipo. Na palipokosa kitu kabisa, tusibuni. Tuweke kigingi na chokaa, tuandike "hapa hapana uhakika", tuendelee. Tutarudi hapo mwisho, tukiwa tumeshapata alama za pande zote mbili.

Pakishakubalika, tuchimbe shimo la kina cha goti, chini tuweke makaa debe nusu, juu yake jiwe, pembeni isale. Makaa hayaozi, jiwe likihamishwa, mjukuu atachimba ayakute. Masale yapandwe mvua zikianza, yakipandwa kiangazi yatakauka na tutaanza tena. Daftari zote mbili zisainiwe na majirani wa kila upande papo hapo, kabla ya kusogea nguzo inayofuata. Moja ikae kwa mtendaji, nyingine kwa Baraza la Ardhi.

Kuhusu malisho, hakuna kamati wala mwenyekiti anayeweza kumpa mtu kipande chake. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Aliyeahidiwa kitu pembeni, ajue kwamba ahadi hiyo haina miguu.

Na asiyeridhika? Hafungwi mdomo. Aende Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, kazi yao ni kusuluhisha. Akishindwa kupatana pale, lipo Baraza la Kata, nalo tangu mwaka 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uko wazi. Nauli ya huko mnaijua, na siku zake mnazijua. Lakini ni haki ya mtu, asichekwe akiitumia.

Hadi siku ya kupita, naomba mambo matatu yasifanyike: mtu asing'oe wala kupanda isale kwenye mstari, trekta lisiingie kwenye mita tano za pande zote za ukingo, na mchungaji asifukuzwe kwenye njia hata kama imebaki nyembamba. Wapita njia pia wasitumike kubeba maneno. Mwenye la kusema alilete hapa.

Kila msemaji dakika tano, mtendaji ana saa. Asiyepewa nafasi asikate kauli ya mwenzake. Ukimtaja mtu, mtaje kwa jina lake na kwa heshima yake, maana yupo amekaa anasikia.

Bwana mtendaji, soma mahudhurio ya vitongoji vyote viwili ili tujue akidi. Baada ya hapo Mtoni wataanza kusema, kwa kuwa mkutano uliopita walianza Mlimani. Mama pale nyuma, kiti hiki hapa mbele, njoo ukae.