Yah: Ankara namba 0147, iliyoidhinishwa 11 Machi 2025: naomba kujua imefikia hatua gani ya malipo

Ndugu zangu wa Idara ya Uhasibu,

Habari za asubuhi, na poleni na majukumu.

Naandika kuulizia ankara yangu namba 0147 ya tarehe 3 Machi 2025, ya kazi ya kutafsiri na kupanga kurasa za mwongozo wa usalama kazini, chini ya oda ya ununuzi namba 2025/0318. Mkuu wa Idara ya Mafunzo aliiidhinisha tarehe 11 Machi. Masharti ya oda ni malipo ndani ya siku 30 tangu ankara kupokelewa, na mlinijibu kwamba mmeipokea siku ileile niliyoituma. Kwa hesabu hiyo ilipaswa kulipwa kufikia tarehe 2 Aprili. Leo ni tarehe 16.

Sileti ombi la kupitishwa mbele ya wengine. Najua waliotangulia wametangulia, tena najua mwisho wa Machi ni wakati wa kufunga hesabu za robo mwaka, ambapo hata malipo yaliyokamilika kila kitu huweza kusogezwa hadi awamu inayofuata. Ninachoomba ni kujua ankara hii iko wapi hasa. Tarehe 7 Aprili niliandika nikapata jibu la mfumo kwamba ujumbe umepokelewa. Tarehe 10 nilipiga simu, na dada aliyepokea alinisikiliza vizuri sana, akaangalia, akaniambia iko kwenye foleni. Namshukuru. Ila foleni ni ndefu, na mtu aliye mlangoni na mtu aliye dirishani wote wako kwenye foleni.

Kwenye ukurasa wa wazabuni ninaona neno moja tu, "Imeidhinishwa", na pembeni yake tarehe 11 Machi. Halijabadilika tangu siku hiyo. Sasa sielewi kama maana yake ni kwamba idhini imetoka Idara ya Mafunzo lakini haijawafikia ninyi, au imewafikia na hati ya malipo bado haijaandaliwa, au hati ipo tayari na inasubiri saini ya pili, au imeshaingizwa kwenye orodha ya kupelekwa benki. Kwangu hatua hizi nne ni tofauti kabisa, kwa sababu mbili za mwanzo huenda zikahitaji nifanye kitu, na mbili za mwisho zinahitaji nisubiri tu.

Kuna jambo moja ninalolishuku, na naomba mliangalie kwanza kabla ya mengine yote. Oda inasema kurasa 80. Ankara yangu nayo inasema kurasa 80. Lakini hati ya makabidhiano, iliyosainiwa tarehe 28 Februari, inasema kurasa 84. Kurasa nne za ziada ni fomu za kuripoti ajali, ambazo Idara ya Mafunzo iliomba ziongezwe kazi ikiwa ukingoni. Tulikubaliana nao kwamba sitazidai, kwa kuwa maneno yake ni machache na mengi yanajirudia. Kwa hiyo kiasi kilichomo kwenye ankara ni kilekile cha oda, hakuna hata senti iliyoongezeka. Ila mtu anayelinganisha hati tatu mezani, oda, makabidhiano na ankara, akakuta 80, 84 na 80, ana haki ya kuiweka pembeni mpaka apate maelezo. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Kama ndicho kilichotokea, maelezo ndiyo haya, na nimeambatisha ujumbe wa Idara ya Mafunzo wa tarehe 26 Februari unaothibitisha makubaliano hayo. Mkihitaji ankara iandikwe upya ionyeshe kurasa 84, na nne kati yake zikiwa bila malipo, nitaituma siku hiyohiyo. Naomba tu mniambie kabla, ili nisije nikatuma ankara ya pili ambayo mfumo utaiona kama dai jipya au dai lililorudiwa. Na ikibidi iandikwe upya, naomba tarehe ya kupokelewa ibaki ileile ya 3 Machi, maana kazi ni ileile na deni ni lilelile.

Upande wa benki, akaunti yangu haijabadilika. Ni ileile mliyoitumia kunilipa mwezi wa Novemba 2024, na ndiyo iliyoandikwa chini ya ankara. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo matapeli wanaosubiri ankara iliyochelewa, kisha wanamwandikia mhasibu kwa jina la mtoa huduma wakimtaka abadilishe namba ya akaunti. Ikiwafikia baruapepe ya namna hiyo kwa jina langu, tafadhali msiifanyie kazi. Nipigieni kwa namba iliyo kwenye faili langu, si kwa namba itakayokuwa kwenye ujumbe huo.

Niwaeleze pia kwa nini nauliza sasa badala ya kungoja. Kazi hii sikuifanya peke yangu. Msahihishaji alisoma kurasa zote mara mbili, na mchoraji alichora upya alama zote za tahadhari, pamoja na ile ya mkono na mashine ambayo Idara ya Mafunzo iliirudisha mara tatu mpaka vidole vikaonekana vizuri. Wote wawili niliwaahidi fedha yao mara mtakaponilipa, nikawatajia mwanzo wa Aprili kwa kutegemea zile siku 30. Wananiuliza kwa upole, nami sina la kuwajibu. Nikipata tarehe, hata kama ni ya mwezi ujao, nitawapa tarehe hiyo nao watajipanga. Kinachotuumiza zaidi ya kuchelewa ni kutojua.

Kwa hiyo naomba majibu ya mambo mawili: ankara 0147 imefikia hatua gani leo, na kama hakuna kinachoizuia, imepangwa kwenye awamu ya malipo ya tarehe ngapi. Sentensi moja inanitosha. Kama kuna kinachoizuia, naomba nikijue pamoja na jina la idara ninayopaswa kuifuata, ili nisiwasumbue ninyi kwa jambo lililo mezani kwa wengine. Ingenisaidia kupata jibu kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 25 Aprili. Nikiwa sijasikia kitu kufikia siku hiyo, nitapiga simu asubuhi ya Jumatatu, tarehe 28, na nitamwomba mtu anayeshughulikia malipo ya wazabuni.

Nimeambatisha nakala ya ankara yenye muhuri na saini ya idhini, oda ya ununuzi, hati ya makabidhiano na ule ujumbe wa tarehe 26 Februari. Zote ziko kwenye faili moja, zimepangwa kwa mfuatano huo, msihangaike kuzitafuta kwenye barua za nyuma.

Malipo yenu ya Novemba yalifika kabla ya siku zake, na sijalisahau hilo. Ndiyo maana naamini kuna kitu kidogo tu kimekwama mahali, na ningependa tukikwamue pamoja.

Ahsanteni sana kwa muda wenu.

Wenu katika kazi,

Rehema
Mfasiri na mpangaji wa vitabu
Ankara namba 0147 / Oda namba 2025/0318